Kampuni si mahali pa kufichia kiwanja

Kuna mteja anatusema hapa Malindi kuwa tulimla pesa: tulimsajilia kampuni tukimwambia deni la kampuni si lake, na sasa benki inamdai yeye. Mzee wetu, benki inakudai kwa dhamana binafsi uliyotia saini siku ya mkopo. Hiyo ni ahadi yako mwenyewe, na kampuni haina lawama.

Tulilokuambia ni kweli. Mwaka 1896, mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kesi ya Salomon, fundi viatu aliyekuwa na hisa 20,001 kati ya 20,007 za kampuni yake. Kampuni ilipofilisika, wadai walimtaka yeye, wakashindwa. Kampuni ni mtu mwingine kisheria, hata ikiwa ni ya mtu mmoja, na mahakama za Kenya zinaushika msingi huo. Kampuni kukosa pesa za kulipa hakutoshi kumfikia mwenyewe.

Balaa ni ile njia ya mkato. Bwana mmoja alikuja ofisini akitaka kampuni kabla ya wiki kwisha. Tukamuuliza, ya biashara gani? Akacheka. Alikuwa ameandikiana na jirani kumuuzia kiwanja cha Mayungu, akapokea arubuni, kisha akatokea mnunuzi wa bei nzuri zaidi. "Nikihamishia kampuni, jirani atanishtaki mimi, na mimi sina kiwanja."

Tulikataa kazi ile. Ujanja huo ulijaribiwa na Lipman, Uingereza. Alikubali kumuuzia Jones nyumba kwa pauni 5,250, akabadili nia, akaihamishia kampuni aliyoinunua kwa ajili hiyo tu; wakurugenzi walikuwa yeye na karani wa wakili wake. Mwaka 1962 jaji aliamuru Lipman na kampuni yake, wote wawili, wamkabidhi Jones nyumba.

Tazama mpangilio wa mambo: ahadi ilitangulia, kampuni ikafuata, na kazi yake ilikuwa kuikwepa ahadi ile. Hapo ndipo mahakama hulifunua pazia la kampuni na kumfikia mwenyewe. Ukisajili kampuni leo kwa biashara halali, deni likaja mwakani, hilo ni jambo jingine kabisa.

Bwana yule alitwambia tunajifanya mahakimu, tena ghali. Haya, tuhesabu. Kuhamisha kiwanja kuna ushuru wa stempu: asilimia 4 ya thamani mjini, 2 mashambani. Ongeza wakili, na gharama za kesi ukishindwa, na kiwanja bado kinakwenda kwa jirani. Ada yetu haifiki hata robo ya ushuru huo.

Wapo wa kukujazia fomu kwenye eCitizen kwa bei ya chai, hawaulizi kitu. Sisi tutakuuliza: una kesi? Umepokea arubuni ya mtu? Kuna mali unataka kuiingiza? Basi njoo na mkataba wenyewe tuusome tarehe.