Ngoja kidogo kabla hujautuma

Mpendwa Mwajuma,

Barua yako nimeisoma, nikaishiwa raha. Jarida limekaa na mswada wako miezi mitano bila jibu, sasa unataka kuupeleka kwingine kimyakimya, atakayewahi ndiye. Na wale kina mama 412 wa kliniki unataka wakupe makala nne. Nakuomba usifanye.

Mwaka jana, nikiwa mhariri, nilimtumia mhakiki mswada mmoja wa malaria. Akanijibu jioni ileile: "Huu ninao, jarida jingine limenipa wiki iliyopita." Tukalinganisha. Jedwali la 2 lilikuwa lilelile, hata kosa la kujumlisha lilikuwemo, 187 badala ya 178. Fani zetu zina wahakiki wachache, wanaosoma usiku bila malipo, kwa hiyo mswada mmoja huangukia mikononi mwa mtu yuleyule kwa urahisi. Wahariri wote wawili tuliukataa. Na laiti ungepita kote, makala moja ingelazimika kufutwa hadharani, jina la mwandishi likiwa juu yake.

Lakini linaloniuma zaidi ni mgonjwa. Mwaka 1997 Tramèr na wenzake walichapisha katika jarida la tiba la BMJ uchunguzi wao kuhusu ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika baada ya upasuaji. Walikuta asilimia 17 ya ripoti za majaribio zilizochapishwa ni marudio, na hakuna makala ya marudio iliyotaja ile ya awali. Majaribio yaliyoipendelea dawa ndiyo yaliyorudiwa zaidi. Kwa hiyo aliyejumlisha yote aliwahesabu wagonjwa walewale mara mbili bila kujua, na dawa ikaonekana na nguvu kwa asilimia 23 zaidi ya ilivyo. Daktari anayeiandika dawa hiyo atajuaje?

Kukatakata utafiti huleta balaa hilohilo. Ukitoa makala moja ya upungufu wa damu, nyingine ya lishe, ya tatu ya umri wa mama, ya nne ya uzito wa mtoto, msomaji ataona tafiti nne na kina mama 1,648. Isitoshe, lishe ndiyo inayogusa damu, na damu inagusa uzito. Ukizitenganisha, hakuna makala hata moja itakayoonyesha kipi kimesababisha kipi. Ukiwa na swali la pili linalosimama lenyewe, mathalani gharama za kliniki, liandikie makala yake, ila taja ile ya kwanza ndani yake na umweleze mhariri katika barua ya kuwasilisha kwamba kina mama ni walewale.

Kuhusu ile miezi mitano, mwandikie mhariri leo umuulize mswada umefikia wapi. Akikaa kimya wiki mbili, andika kwamba unauondoa, wenzako wote wakiwa wamekubali, kisha subiri akuthibitishie kwa maandishi. Hapo ndipo uupeleke kwingine. Najua maombi ya kupanda cheo yanafungwa Juni. Nitumie jedwali zako Jumamosi, tuziunganishe pamoja.

Msalimie Baba Zuhura na watoto.

Rafiki yako,
Neema