Rehema, kuhusu waifai ya bure

Mambo Rehema,

Nimefurahi sana kusikia unahamia Dodoma, ila kuna kitu nataka ukijue kabla hujaanza mizunguko yako ya kupeleka mizigo kati ya Majengo, Sabasaba na stendi ya Nanenane, maana pesa ya wateja yote itakuwa kwenye simu hiyohiyo unayowashia waifai.

Juzi mdogo wangu alikaa kwenye mgahawa mmoja mjini akawasha waifai, akaona majina mawili yanafanana kabisa, moja lina alama ya kufuli na jingine halina. Akagusa lisilo na kufuli kwa sababu halitaki paswedi. Ukurasa ukafunguka wenyewe, una jina la mgahawa, ukamwambia aweke namba ya simu halafu atapata meseji yenye kodi, yaani zile namba za kuingilia mtandaoni. Meseji ikaja kweli, na hapo ndo nakuomba uwe makini, kwa sababu alipoisoma yote akaona ni ya wasap, inasema kodi asimpe mtu yeyote. Yaani mtu alikuwa anajaribu kufungua wasap yake kwenye simu nyingine, na ule ukurasa ulikuwa mtego wa kuichukua ile kodi. Angeiandika tu, dakika chache baadae ndugu wote wangeombwa hela kwa jina lake.

Jina la waifai mtu yeyote anaweza kuliweka kwenye hotspoti ya simu yake, kwa hiyo jina peke yake halithibitishi kitu, muulize mhudumu. Na waifai ya kweli inaweza kukuomba namba yako au vocha lakini haina kazi na namba ya siri ya M-Pesa wala ya benki, hata kama wanasema unalipia mia tano tu. Ukilipia kitu kwa simu, namba ya siri unaiweka kwenye menyu ya mtandao wako, sio kwenye ukurasa wa waifai.

Ukitaka kutuma hela ukiwa njiani piga *150*00# ya M-Pesa, hiyo inapita kwenye laini ya simu, waifai haihusiki kabisa. App ya benki nayo inayafunga mawasiliano yake yenyewe ili mtu mwingine asiyasome, ila mimi bado nazima waifai natumia bando, bando linalotumika kuangalia akaunti ni dogo sana. Chrome ikikuandikia Your connection is not private ukiwa unafungua benki, usilazimishe kuendelea, toka. Halafu kwenye settingi zima ile ya kujiunga yenyewe, maana simu ikishalikumbuka jina la waifai isiyo na kufuli inaweza kuunga popote inapolikuta, hata iko kwenye mkoba wewe uko kwenye bajaji.

Ikitokea umeshaandika namba ya siri mahali, ibadilishe hapohapo kwenye menyu kisha piga 100 uongee na mtandao wako. Na kama tapeli amekupigia au kukutumia meseji, namba yake itume kwa meseji kwenda 15040.

Ukifika stendi nibipu nije na boda ya kukubebea mabegi.

Wako,
Mwajuma