Fedha zimefika, jina limegoma: kitambulisho kinaposema Esta na skrini ikasema Esther

Mteja anafika dirishani kwetu Mwanza kuchukua fedha alizotumiwa kutoka nje, akiwa na namba ya muamala kwenye kipande cha karatasi, kitambulisho cha taifa mkononi, na ujumbe wa sauti wa mwanawe aliyeko nje ukisema fedha ziko tayari. Keshia anaingiza namba, anatazama skrini, anageuza kadi, kisha anaomba radhi kwamba hawezi kulipa. Fedha zipo na namba ni sahihi. Tatizo ni kwamba jina alilochapa mtumaji si lile lililo kwenye kadi.

Wengi hudhani keshia amekaza roho tu. Ukweli ni kwamba skrini yake humwonyesha jina la mtumaji, nchi fedha zilikotoka, kiasi, na jina la mpokeaji kama lilivyochapwa huko, na hilo la mwisho hana pa kuligusa. Kazi yake ni kulilinganisha na kadi, kuandika namba ya NIDA yenye tarakimu 20, na kuweka kumbukumbu. Sheria ya Kudhibiti Utakasishaji wa Fedha Haramu ya mwaka 2006 inamtaka ajue anamlipa nani. Halafu fikiria Kanda yetu ya Ziwa yenyewe: nyumba moja ina Kulwa na Doto, baba mmoja, babu mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa, na sura zinazofanana. Kinachowatenganisha kwenye karatasi ni jina la kwanza, basi. Keshia akisema "ah, ni walewale" akamlipa Doto fedha za Kulwa, siku Kulwa atakapokuja kuzidai hakuna wa kumtetea.

Si kila tofauti ya herufi hukwamisha malipo. Jina la kati likikosekana huku la kwanza na la mwisho yakilingana, kwa kawaida fedha hutoka. Alama ya king'ong'o nayo haina shida sana, maana fomu nyingi za kutuma fedha haziikubali: Ng'wandu huingia kama Ngwandu na keshia wa Mwanza analijua hilo. Herufi moja iliyoteleza, kama Kulwa na Kurwa au Yusufu na Yusuph, iko mpakani. Mtandao mmoja wa kutuma fedha utaruhusu, mwingine utakataa, na hata ule unaoruhusu unaweza kukuwekea mpaka kiasi kikiwa kikubwa. Usiutegemee msamaha huo. Jina la mwisho likiwa tofauti kabisa, au likiandikwa jina la utani, au "Mama Doto", hapo hakuna mjadala.

Makosa haya yana mizizi yake. Karani wa uandikishaji aliandika alivyosikia, na huku ziwani "l" na "r" hubadilishana viti kila siku. Jina la Kisukuma linaloanza na Ng'wa hugeuzwa Mwa na mtu aliyezoea Kiswahili. Simu ya mtumaji nayo ina tabia ya kusahihisha maneno: unaandika Esta, yenyewe inaweka Esther, na wewe umeshabonyeza. Ila kosa zito kuliko yote, na ndilo tunalotaka kulifafanua hapa, ni la wanawake walioolewa. Mtaani anaitwa kwa jina la mume, kanisani hivyohivyo, kwenye simu ya mtoto wake hivyohivyo, lakini kadi ya NIDA ina jina la baba yake na babu yake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kadi ya mama inasomeka: jina la kwanza ESTA, la kati NG'WANDU, la mwisho MABULA. Mumewe ni Joseph. Mwanawe yuko Maskati, ametuma riali 80, na kwenye fomu amejaza jina la kwanza ESTHER, jina la mwisho JOSEPH. Hapo kuna makosa mawili, na uzito wake haulingani. Esther kwa Esta ni tahajia: mtu yuleyule, jina lilelile, limeandikwa kwa namna nyingine. Joseph kwa Mabula ni mtu mwingine kabisa machoni pa mfumo. Fedha inapotumwa, jina la mpokeaji hupitishwa kwenye orodha za watu waliowekewa vikwazo. Aliyepitishwa ni Esther Joseph. Esta Mabula hajapitishwa popote. Ndiyo maana mitandao huruhusu kurekebisha herufi ndani ya muamala uleule, lakini jina likibadilika lote, kwa kawaida hutaka muamala ufutwe na utumwe upya.

Mama akishakataliwa, mara nyingi huanza kuzunguka. Atakwenda kwa mtendaji wa mtaa kuchukua barua kwamba Esta Mabula na Esther Joseph ni mtu mmoja. Mwingine atalipia kiapo kwa wakili. Mwingine atarudi na mume mwenyewe, na cheti cha ndoa. Karatasi hizo zina kazi yake kwingine, lakini hapa hazifungui mlango, kwa sababu hakuna hata moja inayobadilisha kilichoandikwa Maskati. Okoa nauli yako. Karatasi pekee inayoweza kusaidia ni kitambulisho kingine halali ambacho jina lake linalingana na la kwenye skrini. Kama pasipoti au kadi ya mpiga kura ya mama imeandikwa Esther Joseph, aulize kwanza kama mtandao huo unaikubali kwa malipo, kisha aje nayo.

Kama hana, mwenye uwezo wa kurekebisha ni mtumaji peke yake. Mama ampigie akiwa bado yuko dirishani, kadi ikiwa mkononi, na amsomee herufi moja moja badala ya kutamka jina. Kutamka ndiko kulikoleta tatizo. Bora zaidi, ampelekee ujumbe wa maandishi kama huu:

Jina la kwanza: ESTA
Jina la kati: NGWANDU
Jina la mwisho: MABULA

Picha ya kadi pia inafaa, lakini funika namba kwa kidole. Mtumaji anahitaji majina tu.

Mtumaji aliyetuma kwa programu ya simu ataingia kwenye historia ya miamala, afungue ule ambao haujalipwa, na atafute sehemu ya kurekebisha jina la mpokeaji. Kama kosa ni la tahajia, mara nyingi hurekebishwa papo hapo na namba ya muamala hubaki ileile. Aliyetuma dukani hurudi dukani na risiti pamoja na kitambulisho chake mwenyewe, au hupiga simu huduma kwa wateja akiwa na namba ya muamala mkononi: Western Union hutumia namba ya tarakimu 10, MoneyGram tarakimu 8. Mpokeaji akipiga simu hiyo ataambiwa amwambie mtumaji, kwa hiyo asijisumbue.

Kwa mfano wetu, mwana atalazimika kufuta na kutuma tena. Hapo kuna mambo mawili ya kujua kabla hajabonyeza. La kwanza, namba mpya itatoka na ile ya zamani imekufa. Mama akirudi na karatasi ya jana ataambiwa muamala haupo, na ataanza kulia kwamba ameibiwa. La pili, kiwango cha kubadilishia fedha kitakuwa cha siku hiyo, na kama alilipa kwa kadi ya benki, marejesho ya malipo ya kwanza yanaweza kuchukua siku kadhaa za kazi. Kama hana riali nyingine 80 mfukoni, mama atasubiri. Kwa hiyo, kabla ya kufuta, aulize huduma kwa wateja kama mabadiliko hayo yanaweza kufanyika bila kufuta. Kuuliza hakugharimu kitu.

Saa nazo zina mambo yake. Maskati iko mbele yetu kwa saa moja tu, lakini wikiendi yao ni Ijumaa na Jumamosi, hivyo usitarajie kila ofisi kule iwe wazi kama siku nyingine. Mtumaji akiwa Minneapolis ni shida ya aina nyingine: ukikataliwa Mwanza saa nne asubuhi wakati wa kiangazi chao, kule ni saa nane usiku na simu yake imezimwa. Anayetoka Nansio kwa meli, au Sengerema kwa kivuko cha Kamanga, amepoteza siku nzima na huenda akalala mjini.

Kwa hiyo, ukaguzi ufanyike kabla ya kupanda meli. Mwombe mtumaji akupigie picha risiti yake au ukurasa wa muamala, uweke kadi yako pembeni, ulinganishe herufi kwa herufi. Kama fomu ina visanduku viwili tu, jina la kati liwekwe pamoja na la kwanza: ESTA NGWANDU kwenye kimoja, MABULA kwenye kingine. Likiingia kwenye kisanduku cha mwisho, au likigeuka lenyewe kuwa jina la mwisho, utasumbuliwa. Picha hiyo ya muamala ikae kwako tu. Karibu na madirisha ya fedha hawakosekani vijana wanaosema wanamjua mtu ndani atakayekupitishia. Hawana cha kupitisha, wanachotaka ni ile namba. Na kwetu hakuna malipo yoyote ya kurekebisha jina, kwa sababu hatulirekebishi sisi.

Jina likisharekebishwa, piga simu ofisini kabla ya kuja, utuambie tu jina lako lilivyo kwenye kadi na mtandao uliotumika. Namba utaitoa ukifika. Ukifika, tutaifungua upya, na skrini ikisoma ESTA MABULA, malipo ni shughuli ya dakika chache.

Limebaki jambo moja, nalo huwarudisha watu dirishani mwezi unaofuata. Programu ya simu ya mtumaji ina orodha ya wapokeaji iliyojihifadhi. Mwana ametuma upya kwa jina sahihi, lakini ndani ya orodha Esther Joseph bado yupo, na tarehe 30 atambonyeza kwa mazoea. Mwambie amfute kabisa kwenye orodha, kisha amwandike Esta Ngwandu Mabula upya akiwa anasoma kwenye ujumbe wako.