Barua ya malalamiko: picha inaganda, sauti inaendelea, na televisheni yangu inasingiziwa

Lubumbashi, tarehe 27 Oktoba 2025

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja

KUHUSU: Dekoda inayogandisha picha, na dola 15 nilizolipishwa bila sababu

Bwana Mkurugenzi,

Mimi ni mteja wenu hapa komini ya Katuba, na abonema yangu nailipa kila mwezi bila kuchelewa. Dekoda iko katika malewa ya mke wangu, mahali ambapo watu wanakuja kula bukari na kuangalia mpira. Tangu mwisho wa mwezi wa tisa picha inaganda. Mchezaji anabaki na mguu hewani, huku mtangazaji anaendelea kusema bila kukwama hata neno moja. Watu wanasikia goli ambalo macho yao hayakuliona. Mnaweza kuwaza kelele inayotoka hapo, na nani anayelaumiwa.

Tarehe 11 Oktoba ajansi yenu ilituma kijana. Alipanda juu ya paa, akasogeza paraboli kidogo, akadai dola 15, nikalipa. Jioni ileile picha ikaganda tena. Nilipompigia simu akaniambia, "Papa, basi ni televisheni yako, nunua nyingine." Katika karatasi ya kazi ameandika "televisheni mbovu", na kwa sababu ya maneno hayo mawili ajansi inakataa kunibadilishia dekoda iliyo bado katika garanti. Hakujua kwamba mimi mwenyewe kazi yangu ni kutengeneza televisheni. Sikumwambia, na leo nasikitika kwamba sikumwambia.

Naanza na televisheni, kwa kuwa ndiyo inayoshitakiwa. Dekoda yenu imeungwa nayo kwa waya wa HDMI. Katika mpango huo televisheni haifumbui chochote. Kazi ya kufungua picha iliyobanwa inafanywa yote ndani ya dekoda, na kinachopita katika waya ni picha iliyokwisha kuiva, moja baada ya nyingine, pamoja na sauti. Televisheni inapokea na kuonyesha tu. Kama televisheni au waya vingekuwa vimekwama, kila kitu kinachotoka katika dekoda kingekwama kwenye kioo, na menyu pia. Kwa hiyo siku picha ilipoganda nilibonyeza kitufe cha maelezo katika telekomandi. Ule mstari wa chini wenye jina la chaneli ukapanda vizuri, herufi safi, saa ikionyesha 20:14. Nikangoja. Saa ikageuka 20:15, na mchezaji bado yuko na mguu hewani nyuma ya maandishi. Maana yake televisheni ilikuwa inapokea picha mpya na kuzionyesha. Dekoda ndiyo iliyokuwa inachora menyu mpya juu ya picha ya zamani. Jaribio hili ni la dakika moja, halitaki chombo wala ngazi, na kijana wenu hakulifanya.

Lakini sitamficha Bwana Mkurugenzi jambo moja ambalo huenda lilimpotosha kijana. Siku ile alituona tukiangalia filamu ya harusi ya mpwa wangu kutoka katika ufunguo wa USB uliochomekwa kwenye televisheni yenyewe, nayo ilikuwa inaganda vilevile, sauti ikiendelea. Akasema, "Si unaona?" Ni kweli, hapo kosa lilikuwa la televisheni, ila ni ugonjwa mwingine kabisa. Filamu inayotoka USB inafumbuliwa na televisheni, dekoda haipo katika njia hiyo. Ile ya harusi ilipigwa kwa simu, 1080p yenye picha 60 kwa sekunde, na televisheni yangu ni ya zamani, katika ukubwa huo haiwezi kufumbua zaidi ya 30. Sauti ni mzigo mwepesi, televisheni inaimudu. Picha inaishinda, inabaki nyuma halafu inasimama. Niligeuza faili lile kuwa la picha 30 kwa sekunde, likacheza toka mwanzo hadi mwisho bila kuganda. Hata kama televisheni ingeshindwa na harusi zote za Katuba, hilo lisingegusa mpira unaoingia kwa HDMI.

Kuhusu paraboli. Wakati picha imeganda nilifungua ukurasa wa ishara katika dekoda. Ubora ulisoma 78 kwa mia. Wakati picha inatembea vizuri ulisoma 78 vilevile. Najua asilimia hizo kila mtengenezaji anazipiga hesabu kwa namna yake, kwa hiyo sizilinganishi na dekoda ya mtu mwingine, nazilinganisha na zenyewe tu, na hazikutikisika. Tena ishara mbaya ina sura yake. Picha inavunjika vipande vya mraba, sauti nayo inakatika au inalia kama kijiti kinachovunjwa. Kweli sauti huvumilia zaidi, kwa sababu ni data chache na kila kipande chake kinabeba sehemu ndogo tu ya sekunde, hivyo ikipotea moja inayofuata inasikika. Picha nyingi zinategemea zilizotangulia, kwa hiyo data kidogo ikipotea uharibifu unabaki mpaka ifike picha kamili nyingine. Lakini hiyo picha kamili kwa kawaida inarudi kila baada ya sekunde moja au mbili. Ishara mbaya inaweza kunigandishia mchezaji kwa sekunde mbili huku sauti ikiendelea. Haiwezi kumgandisha dakika 11 na sauti ikabaki safi muda wote. Dola 15 zililipa dawa ya ugonjwa ambao sikuwa nao.

Ilibaki kuchagua kati ya dekoda na mtiririko wenyewe mnaoutuma. Hapa jirani alinisaidia, maana naye ni mteja wenu. Kila mara picha ilipoganda kwangu nilimpigia simu awashe chaneli ileile. Kwake inatembea. Mara sita tulifanya hivyo, mara tano kwake ilikuwa inatembea.

Hiyo ya sita ni ya Jumanne tarehe 14 Oktoba, saa moja na dakika 40 usiku, na naomba muiangalie katika kumbukumbu zenu, kwa kuwa siku hiyo kosa lilikuwa la kwenu na si la dekoda. Picha iliganda kwangu, kwa jirani, na kwa rafiki yangu aliyeko Kamalondo, dakika ileile, katika chaneli moja tu. Nilipohamia chaneli nyingine na kurudi, nilikuta kioo cheusi chenye sauti. Ndiyo tofauti niliyojifunza kuitazama. Dekoda ikikwama yenyewe, ukibadilisha chaneli na kurudi unapata picha mpya, kwa sababu data inaendelea kufika na dekoda imeanza upya kazi ya kufumbua. Mtiririko ukikosa picha, ukirudi hupati hata ile iliyoganda, maana dekoda imeifuta na hakuna nyingine ya kuweka mahali pake. Inawezekana kabisa, kwani katika mtiririko picha na sauti zinasafiri kila moja chini ya namba yake, na chombo chenu cha kubana picha kinaweza kusimama wakati cha sauti kinaendelea. Baada ya dakika sita picha ilirudi kwetu sote pamoja. Kwa dakika hizo sita silalamiki sana. Mitambo ni mitambo.

Turudi kwenye zile mara tano. Sikutaka kubishana kwa maneno, kwa hiyo Jumamosi tarehe 18 tulibadilishana dekoda nzima, pamoja na kadi na adapta zake, kwa sababu kadi yenu haikubali dekoda ya mwingine. Dekoda ya jirani ilikaa malewani, kwa paraboli yangu, waya wangu na ile televisheni "mbovu", ikacheza kwa muda wa saa nne bila kuganda. Dekoda yangu ilikwenda kwake, ikaganda baada ya dakika 45.

Dakika 45 hizo zilinifanya nifikiri joto. Asubuhi, malewa ikiwa bado na ubaridi, dekoda inaweza kucheza kwa muda wa saa moja na nusu kabla ya kuganda. Jioni, katika joto hili la Oktoba, na jiko liko hatua chache, haimalizi kipindi cha kwanza. Kwanza nilipima adapta wakati picha imeganda: volti 11.9, na imeandikwa 12, hivyo ni nzima. Nikaweka hata adapta nyingine yenye nguvu zaidi, ikaganda vilevile. Ndipo nikaweka feni ndogo ikipuliza juu ya matundu ya dekoda. Mechi ikaisha, muda wa nyongeza ukaisha, penalti zikapigwa, picha haikuganda. Nikaondoa feni, baada ya dakika 30 na kitu ikaganda. Nimerudia jioni tatu, jibu ni lilelile. Kama ingekuwa programu ya dekoda ndiyo yenye kasoro, sioni upepo wa feni ungeiponyaje.

Katika dekoda sehemu inayofumbua picha ndiyo inayofanya kazi kubwa, na inakula kumbukumbu nyingi. Sauti inafumbuliwa kando, kwa kazi ndogo. Joto likizidi, sehemu ya picha inasimama na sauti inaendelea kama hakuna kilichotokea. Kama ni chipu yenyewe, au kumbukumbu, au kile kibati cha kupoza kilichoachia gundi yake, siwezi kusema bila kufungua, na sikufungua, kwa sababu muhuri wenu ukikatwa garanti imekufa. Mafundi wenu wafungue.

Kwa hiyo naomba mnibadilishie dekoda kwa garanti, mnirudishie dola 15 za paraboli, na mfute katika faili langu yale maneno "televisheni mbovu". Nakala ya karatasi ya kazi na ya risiti ziko pamoja na barua hii. Video pia ninayo katika simu, inaonyesha saa ya menyu ikigeuka juu ya mchezaji aliyeganda, nitaileta ajansini siku mtakayoniita. Kama mnataka kumtuma fundi kwanza, aje jioni, baada ya saa kumi na mbili, na awe tayari kukaa saa nzima. Akija asubuhi atakuta inacheza vizuri na ataandika tena kwamba hakuna kosa. Chakula chake kitakuwa juu yetu.

Natanguliza shukrani,

Mteja wenu wa Katuba
(namba ya dekoda na ya abonema ziko nyuma ya bahasha)