Barua kwa Rehema, kuhusu kicheko cha Dokta

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Rehema,

Habari za huko? Sisi hatujambo. Mama kafanyiwa jicho la kulia Alhamisi, Ijumaa wakamfungua bandeji, na kitu cha kwanza alichokiona sawasawa ni kwamba nimekonda. Naomba radhi nimeondoka bila kuaga. Basi la alfajiri halimngojei mtu, na wewe ukishalala huamki hata paa likiezuliwa.

Sasa nina shida, na shida yenyewe ni Baraka. Nitakaa huku kama wiki 3, maana nyumba nzima hakuna mwingine wa kumtia mama dawa ya matone, na wiki 3 ni mihadhara 6 ya Dokta. Sikio lake unalijua, darasani hasikii sawasawa, nani atamwandikia mihadhara? Salima nimemfikiria nikamfuta mwenyewe, unajua kwa nini. Nimebaki na wewe. Kurekodi si kazi yako. Nimemwachia Baraka ile simu yangu ya kioo kilichopasuka, anaiweka mezani kwa Dokta, na Dokta alisharuhusu tangu mwanzo wa muhula. Wewe utaletewa rekodi, usikilize, uandike muhtasari. Mihadhara ni ya dakika 50 hivi. Mara ya kwanza itakula mchana mzima, usiogope, mimi sasa hivi natumia saa mbili na nusu.

Najua utasema, kufupisha nako ni kazi ya kufundishwa? Nami nilidhani hivyo hivyo. Ngoja nikueleze nilivyomwangusha Baraka.

Unakumbuka mhadhara wa mpango wa karanga, ule wa Kongwa? Waingereza wametoka vitani hawana mafuta ya kula, mwaka 1946 wanatuma wataalamu Tanganyika, mwaka 1947 kazi inaanza, wanataka kulima zaidi ya ekari milioni 3. Dokta alieleza vizuri sana kilichoua mradi. Mvua ya Ugogo haina ahadi, na udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi. Ukikauka unakuwa kama sakafu ya saruji. Karanga huzaa chini ya ardhi, kwa hiyo hata zilizoota zikakomaa, kuzing'oa ilikuwa vita. Januari 1951 wakaufunga, zimekwisha paundi milioni 36 hivi. Baada ya yote hayo Dokta akasema, nanukuu: "Kwa hiyo mnaona, mradi ulifanikiwa sana." Darasa zima likaangua kicheko.

Mimi kwenye muhtasari wangu nikaandika vizuri kwa kalamu ya buluu: Hitimisho, mradi ulifanikiwa sana.

Rehema, niliyaandika maneno yake neno kwa neno! Hakuna aliyeweza kusema nimeongopa. Wiki iliyofuata Baraka akasimama kwenye semina, akajenga hoja yake yote juu ya sentensi ile. Watu wakacheka. Aliona midomo inacheka, akatazama shati lake kama limefunguka kifungo. Kisha akanitazama mimi. Mpaka leo nikikumbuka natamani ardhi ya Kongwa inimeze, nayo ilivyo ngumu.

Hapo ndipo tulipokaa mimi na yeye nyuma ya kantini, akanieleza anachosikia na asichosikia. Ile mashine yake ya sikio inakuza kila kitu, sauti ya Dokta pamoja na feni na viti vinavyoburutwa. Irabu anazipata vizuri. Zinazompotea ni zile sauti nyembamba, s na t na f na sh. Hebu sema "sita", halafu sema "tisa", halafu uondoe s na t. Kinabaki nini? I na a, kwa yote mawili. Ndiyo maana kwenye daftari lake wataalamu walikuja mwaka 1949, miaka miwili baada ya kazi kuanza, akawa anashangaa hawa Wazungu walianza kulima kabla ya kwenda kuangalia shamba. Kwani hasomi midomo? Anasoma, lakini pata, bata na mata midomoni ni neno moja. Jaribu kwenye kioo. Kwa hiyo kila mwaka na kila hesabu andika kwa tarakimu, hata kama Dokta kataja kwa kupitia tu.

Nikamwambia basi nitakuandikia kila neno, kicheko na kikohozi. Akakataa. Nilimjaribishia mhadhara mmoja, zikatoka kurasa 14, akasema kuzisoma kunamchosha kuliko kukaza sikio darasani. Anataka kurasa mbili. Ila anataka mbili zenye sauti ndani.

Basi tukapatana hivi. Fupisha kwa maneno yako popote ambapo Dokta anachosema ndicho anachomaanisha. Pale ambapo sauti inapingana na maneno, usifupishe. Andika maneno yake yalivyo, kisha kwenye mabano ya mraba weka ulichosikia, na dakika yake ili mtu akitaka arudie. Ile sentensi iliyotuponza sasa ingekuwa hivi:

Dk. 41. "Kwa hiyo mnaona, mradi ulifanikiwa sana." [anavuta neno "sana", darasa linacheka, yeye hacheki] Kejeli: ametoka kueleza hasara.

Umeona? Sehemu ya mabano ni ya masikio yangu. Kinachofuata nje ya mabano ni cha kichwa changu, na kichwa changu kinaweza kukosea. Usivichanganye, tafadhali. Nilishavichanganya mara moja. Dokta alisema Waingereza walituachia bandari ya Mtwara, akatoa kakicheko puani. Nikaandika kejeli, bila mabano wala nini. Baraka akamfuata ofisini kumuuliza, kumbe mama wa watu alimaanisha kabisa. Bandari ilijengwa kwa ajili ya karanga za Nachingwea na ipo inafanya kazi. Alichochekea ni reli iliyoandamana nayo, ambayo iling'olewa baadaye. Sasa nikiwa sina hakika naandika "nadhani kejeli" na alama ya kuuliza, Baraka anaamua mwenyewe.

Vicheko navyo usiviandike vyote "kicheko". Andika nani kacheka na kacheka nini. Dokta akisema vifaru vilivyogeuzwa matrekta vilimshinda Hitler vikashindwa na mbuyu, huo ni mzaha, nao mpe Baraka wote, usimwambie tu "alitania kuhusu matrekta". Mzaha uliofupishwa ni chai ya jana. Halafu kuna vicheko visivyo vya somo. Siku ile mbuzi alipochungulia mlangoni kicheko kile mimi nilikiruka, nikaona hakihusu. Baraka akaniambia hicho ndicho alichokihitaji kuliko vyote, kwa sababu watu wakicheka naye hajui sababu, anadhani wanamcheka yeye. Tangu ile semina, ndiyo kabisa. Kwa hiyo andika: [darasa linacheka, mbuzi mlangoni]. Neno mbili tatu, hazikugharimu kitu.

Mkazo sasa. Hapa utateleza, maana wewe utadhani sauti kubwa ndiyo mkazo. Wiki ile ya mvua Dokta alipiga kelele nusu saa nzima, kisa bati. Nikampigia Baraka mistari chini ya kila kitu, akasoma kama mtu anayejiandaa na kiama. Ukitaka kujua, sikiliza jirani za neno hilo. Ikiwa sentensi ya kabla na ya baada nazo ziko juu vile vile, huo si mkazo, ni mvua au jenereta. Dokta akitaka jambo likukae hapandishi sauti, anaishusha, anaenda polepole, halafu anarudia kwa maneno yale yale. Ile habari ya udongo aliirudia mara 3, mara ya tatu akagonga meza kwa kila neno: "Hawakuwauliza. Wagogo. Walioishi. Pale." Nikaandika [anarudia mara ya 3, anashusha sauti, anagonga meza]. Baraka akaipigia duara, na kwenye jaribio swali la kwanza lilikuwa hilo hilo. Alinipita alama 4, mjinga yule.

Kitu kingine ambacho rekodi haitakupa ni vidole. Dokta anasema "kutoka hapa mpaka hapa" na kwenye simu huoni ramani. Mwulize Baraka kwanza, macho yake hayapitwi, yeye atakwambia hapa ni Kongwa na hapa ni Urambo. Nyinyi wawili mkikaa pamoja dakika 10 mnamaliza.

Mimi husikiliza mara mbili. Mara ya kwanza siandiki kitu isipokuwa dakika, napika huku nasikiliza, nikisikia sauti imegeuka nachora alama. Mara ya pili nakaa chini na kalamu. Tumia zile waya za masikioni, usitumie spika ya simu, vicheko vya puani havisikiki kwenye spika. Na ukikosa kabisa alichosema, andika [haisikiki, dk. 27]. Usijazie. Baraka amezoea kuishi na mapengo, anachokichukia ni pengo lililopakwa rangi.

Nimesema sana, na mama ananiita, saa ya matone imefika. Nimerudi. Kamwagia nusu shavuni kwa kupepesa, halafu kanilaumu mimi.

Nijibu haraka basi. Utaweza kweli, au unaona haya kukataa? Jumanne una kipindi saa nane au walibadilisha? Yule wa fotokopi ana deni langu la kurasa 20, amekwambia chochote? Simu ile inakaa na chaji saa nzima, au Baraka anaizima katikati? Na yeye mwenyewe yukoje, anaongea kwenye semina siku hizi au bado anakaa kimya kule pembeni? Usimwulize moja kwa moja, mwangalie tu, halafu uniambie.

Wako,
Neema

Nilitaka kusahau: Baraka akikwambia "nimeelewa" huku anatabasamu, hajaelewa. Mwandikie tena.