Namba moja tunayokuuliza ukishaondoka, na tunavyoifanyia kazi

Mgeni aliyelala kwetu hupata ujumbe mfupi wa WhatsApp saa kumi jioni ya siku anayoondoka. Ujumbe huo una maswali mawili tu: kutoka 0 hadi 10, ungemshauri ndugu au rafiki yako afikie hoteli yetu? Na je, ni kitu gani hasa kimekufanya utoe namba hiyo? Wageni kadhaa wametuuliza majibu hayo yanakwenda wapi, na kwa kuwa hoteli yenyewe ni ndogo, vyumba 14 katika nyumba ya kale ya Mji Mkongwe, Unguja, ni rahisi kueleza yote bila kuficha kitu.

Kipimo hiki hatukukibuni sisi. Kilielezwa na Mmarekani Fred Reichheld katika jarida la Harvard Business Review mwezi Desemba 2003, na kinajulikana kwa herufi NPS, kifupi cha Net Promoter Score. Waliotoa 9 au 10 huhesabiwa kuwa wapendekezaji, waliotoa 7 au 8 huwa katikati, na waliotoa 0 hadi 6 huhesabiwa kuwa hawakuridhika. Unachukua asilimia ya wapendekezaji, unatoa asilimia ya wasioridhika, basi. Wale wa katikati hawaongezi wala hawapunguzi, ila wamo katika jumla unayogawia.

Mwanzoni tulikuwa tukiuliza mapokezini, mgeni anaporudisha ufunguo, na karibu kila mtu alitupa 10. Ni nani atakayetamka 5 huku mhudumu aliyemkaribisha kwa siku tatu amemshikia begi? Tulipohamishia swali kwenye simu, saa chache baada ya mgeni kuondoka, majibu yalipungua na namba zikashuka, lakini ndipo tulipoanza kusoma maneno yenye manufaa.

Tuchukue msimu mmoja, wa Juni hadi Agosti. Tuliuliza makundi 112 ya wageni, mtu mmoja kwa kila chumba kilichowekwa, na 40 wakajibu. Wapendekezaji walikuwa 18, wa katikati 13, na wasioridhika 9, kwa hiyo asilimia 45 kutoa asilimia 22.5 ilitupa alama 22.5. Kabla ya kuipeleka namba hiyo popote tulisoma maelezo ya wale tisa, na tukamkuta mzee mmoja kutoka Tanga aliyetoa 1 kisha akaandika: “Huduma safi sana wanangu, Mungu awabariki.” Tulimpigia simu, akacheka, akasema kwake yeye namba moja ndiye wa kwanza. Kwa kusahihisha jibu la mtu huyo mmoja, alama ilipanda kutoka 22.5 hadi 27.5. Tangu siku hiyo ujumbe wetu unasema wazi kwamba 0 ni “hapana kabisa” na 10 ni “bila shaka yoyote”.

Hapo ndipo penye udhaifu mkubwa wa kipimo hiki kwa hoteli ya kiasi chetu. Ukiwa na majibu 40, bahati peke yake ya nani kajibu na nani hakujibu inaweza kuisogeza alama kwa pointi zaidi ya 20 juu au chini, kwa hiyo meneja anayefurahia kupanda kwa pointi sita mwezi huu huenda anafurahia upepo tu. Liko na suala la mazoea pia. Aliyesoma Tanzania anajua kwamba katika mtihani wa kidato cha nne alama 75 tayari ni A, kwa hiyo mgeni wa kwetu anapotoa 8 anaamini ametusifu, ilhali hesabu inamweka katikati. Ndiyo maana hatujilinganishi na hoteli nyingine, wala hatumlipi mhudumu kwa kufuata alama. Tukifanya hivyo, wahudumu wataanza kuwaombaomba wageni watoe 10.

Tunachokifanya ni kuyapanga majibu kwa namba za vyumba. Wale wanane waliobaki walipopangwa hivyo, watano walikuwa wamelala ghorofa ya juu, vyumba 12, 13 na 14, na katika wale 13 wa katikati, wanne wengine walikuwa wa vyumba hivyohivyo. Maelezo yao yalikuwa mafupi na ya upole: “pazuri, ila maji”, “bafu si mbaya”. Mtu angeyasoma moja moja asingeona kitu. Meneja wa zamu aliwapigia wale watano ndani ya siku moja baada ya kila jibu, si kwa kuwaomba wabadilishe namba, bali kwa kuwauliza ilikuwa saa ngapi na walifanya nini. Wanne kati yao walisema jambo lilelile: alfajiri maji ya moto yalikatika katikati ya kuoga, yakaja ya baridi.

Fundi wetu alikuwa ameshabadilisha hita mbili katika vyumba hivyo, akidhani ni mbovu. Safari hii tulimwomba afungue mabafu mawili kwa pamoja saa kumi na mbili asubuhi, wakati wageni wengine nao wanaoga. Ndoo ya lita 20 iliyojaa kwa dakika tatu ghorofa ya chini ilichukua karibu dakika tisa huko juu. Tangi letu liko juu ya paa, na kitako chake kimelizidi bafu la ghorofa ya juu kwa mita moja na kidogo tu, nayo kila mita ya kimo huleta takriban sehemu moja ya kumi ya ba, kipimo cha presha. Hita za bafuni zinazochemsha maji papo hapo zina swichi inayosubiri presha ya kutosha ndipo iunganishe umeme. Presha ikishuka, swichi inaachia, na maji yanaendelea kutoka yakiwa baridi. Hita hazikuwa na kosa lolote. Tulifunga pampu ndogo ya kuongeza presha kwenye bomba la ghorofa hiyo pekee, inayojiwasha mtu anapofungua maji, kisha tukawaandikia wageni wote tisa wa vyumba hivyo kuwaeleza kilichobainika.

Septemba hadi Novemba majibu yalikuwa 38, na alama ikafika 34. Hilo hatulitangazi, kwa sababu tuliyoitaja hapo juu. Tunachokiamini ni kwamba wageni 11 wa vyumba hivyo vitatu walijibu, na hakuna hata mmoja aliyetaja maji.

Si kila lalamiko lina pampu yake. Wageni wawili walitupa 5 na 4 kwa sababu ya adhana ya alfajiri, na msikiti uko nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ulikuwapo kabla yetu. Kosa letu lilikuwa kutowaambia mapema. Sasa ujumbe wa kuthibitisha nafasi unalitaja jambo hilo, na anayependa kimya hupewa chumba kinachotazama uani badala ya barabarani. Wa nane alilalamika kuwa kifungua kinywa kilichelewa siku aliyokuwa anawahi boti ya saa moja kwenda Dar es Salaam, na siku hizi mapokezi huuliza usiku uliotangulia nani ana safari ya asubuhi, ili mandazi na chai viwe tayari saa kumi na moja na nusu.

Ukipata ujumbe wetu, namba peke yake inatusaidia kidogo. Tuandikie chumba, saa, na kilichotokea, hata kwa maneno matano, na utaje kama tunaweza kukupigia simu.