Hija ya kwanza: kabla ya begi, leta kadi ya njano

Kila mwaka, Ramadhani ikishika kasi, simu ya ofisi yetu ya uwakala wa Hija hapa Eastleigh, Nairobi, hailali. Mtu ametoka tarawehe, moyo umelainika, anapiga: "Sheikh, mwaka huu nimenuia. Nilipe wapi?" Ukihesabu vizuri, kutoka mwezi mosi Ramadhani hadi tarehe 8 Mfunguo Tatu, siku Hija inapoanza, ni kama siku 96 tu. Mtu wa kawaida anaona huo ni muda mrefu. Sisi tunajua kwamba kufikia hapo orodha za misafara huwa zimeshafungwa au ziko mlangoni kufungwa, maana Saudia hutaka mikataba ya nyumba, mabasi na mahema iwe imelipwa miezi mingi kabla. Kwa hiyo anayetupigia Ramadhani huwa tunamwandikia Hija ya mwaka unaofuata, na wengi hukasirika kidogo.

Tumeona afadhali tuandike mambo haya mapema, na tuyaandike kwa kisa cha mteja wetu wa Hija ya 2025. Ni bibi wa South C, umri miaka 63, ana sukari na presha, na hakuwahi kwenda hata Umra. Aliandikishwa pamoja na dada yake na mabinti wawili wa dada yake. Amekubali tusimulie, mradi tusimtaje.

Alikuja mara ya kwanza na bahasha ya pesa. Tukamwambia, mama, hizo zirudishe kwenye mkoba kwanza, tuone pasi. Pasi yake ilikuwa imebakisha miezi saba. Kwa macho ni nzima, lakini Saudia hutaka pasi iwe na angalau miezi sita ya uhai, na sisi tulikuwa bado mwaka 2024. Kufikia siku ya safari isingekuwa na kitu. Akaomba mpya kupitia eCitizen, akaenda Nyayo House kutoa alama za vidole na kupigwa picha. Tunataka pasi iwe mkononi kabla ya jina kuingizwa popote, kwa sababu namba ya pasi ndiyo kamba inayofunga kila kitu kinachofuata. Ukiandikishwa kwa pasi ya zamani halafu ukaja na mpya, inabidi faili yako ifunguliwe tena, na katikati ya msimu hilo si jambo la siku moja.

Sasa habari ya msafara. Hapa kwetu hujaji hajiandikishi peke yake. Jina lake linapitia kwa wakala anayetambuliwa. Baraza Kuu la Waislamu wa Kenya, SUPKEM, ndilo ambalo kwa miaka mingi limekuwa likisimamia mambo ya mahujaji wa Kenya, kwa hiyo kabla hujampa mtu pesa, muulize aonyeshe idhini yake ya mwaka huo, si ya mwaka juzi. Sisi ni ofisi ndogo, watu wetu hawajazi hata basi mbili, hivyo tunaungana na mawakala wengine chini ya msafara mmoja. Hilo hatulifichi, na wewe una haki ya kujua msafara mkubwa ni upi na kiongozi wake ni nani.

Siku ya kuandikishwa tunachukua ukurasa wa pasi wenye picha, kitambulisho, picha yenye mandhari nyeupe, na namba ya simu ya mtu atakayebaki nyumbani. Halafu tunauliza jambo ambalo wengi hulipuuza: nani analala na nani? Vyumba vya Makka kwa kawaida huwa vya watu wanne. Bibi yetu na wenzake walitimia wanne kamili, tukawaingiza kama kikundi kimoja. Wangekuja mmoja mmoja kwa wiki tofauti, huenda dada angepangwa ghorofa nyingine na watu asiowajua. Na kama wewe ni mwanamke unayekwenda bila maharimu, usikae nyumbani ukidhani mlango umefungwa. Saudia imeshaliondoa sharti hilo, ingawa wapo wanaofuata fatwa tofauti, na hapo muulize sheikh wako.

Majina huingizwa kwenye mfumo wa Saudia uitwao Nusuk Masar. Humo ndimo mikataba ya nyumba, usafiri na mahema ya Mina na Arafa hufungwa na kulipiwa, kisha viza hufuata. Ukifika kule unapewa kadi ya Nusuk yenye picha yako, nayo ndiyo inayokupitisha kuingia Makka na sehemu za ibada. Hapa ndipo tunapogombana na wale wanaoletewa bei nafuu ya "viza ya matembezi, ukifika utajipenyeza." Mwaka 2025 faini ya kujaribu kuhiji bila kibali ilikuwa riyali 20,000, na mgeni anayekamatwa hurudishwa kwao na kufungiwa miaka 10. Faini si kitu ukilinganisha na jua. Katika Hija ya 2024, Saudia ilitangaza vifo 1,301, na asilimia 83 ya waliokufa walikuwa hawana kibali. Asiye na kibali hana hema lenye baridi, hana basi. Anatembea kwa miguu kwenye joto lililopita nyuzi 50.

Turudi kwa bibi. Chanjo ndizo zilizotukalisha naye saa nzima mezani.

Alikuja na kadi ya njano ya zamani, imekunjwa mara nne, ya chanjo ya homa ya manjano aliyopigwa mwaka 2012 alipokwenda India kwa matibabu. Imeandikwa kwa kalamu kwamba inaisha 2022. Mwanawe alikuwa ameshampangia kuchanjwa upya. Tukasema ngoja. Tangu tarehe 11 Julai 2016, cheti cha homa ya manjano ni cha maisha, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka kumi. Na kwa mtu aliyepita miaka 60 jambo hili si la karatasi tu: chanjo hii ina kirusi hai kilichodhoofishwa, na kwa wazee wanaochanjwa mara ya kwanza hatari ya madhara makali huwa kubwa zaidi, ndiyo maana daktari hupima kwanza. Kumchoma tena bila sababu hatukuona maana.

Tatizo lake lilikuwa jina. Kwenye pasi ni Fatuma, kwenye kadi ni Fatma. Nyumbani ni mtu yule yule, lakini ofisa wa afya uwanja wa ndege anasoma herufi. Isitoshe, kadi ilikuwa na namba ya pasi ambayo haipo tena. Bahati yake, kituo kilichomchanja kilikuwa bado na daftari. Alikwenda na kadi ile na pasi mpya, wakamwandikia kadi nyingine yenye jina la pasi, tarehe ile ile ya 2012, namba ya chupa ya chanjo, saini na mhuri. Asiye na kumbukumbu yoyote hana budi kuchanjwa, na cheti chake huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Asiyeweza kuchanjwa kwa sababu ya afya huandikiwa barua na daktari, lakini kukubaliwa kwa barua hiyo kuko mikononi mwa nchi inayompokea, kwa hiyo hilo tuambieni mapema sana.

Ya pili ni chanjo ya homa ya uti wa mgongo, na hii haimsamehi mtu. Lazima iwe ile ya aina nne, imeandikwa ACWY kwenye kadi. Tumewahi kurudishiwa mteja aliyepigwa ya aina mbili tu, A na C, na muuguzi aliyempiga hakuwa na habari. Sindano iwe imepigwa si chini ya siku 10 kabla ya kufika Saudia. Zipo za namna mbili: moja hudumu miaka 3, nyingine, inayoitwa ya kuunganishwa na protini, hudumu miaka 5. Kama kadi haisemi ni ipi, itahesabiwa ya miaka 3, kwa hiyo usiondoke kituoni kabla jina la chanjo halijaandikwa likasomeka.

Polio inategemea orodha ya nchi zenye kirusi ambayo Saudia hutangaza kila msimu. Nchi ikiwa kwenye orodha, chanjo hutakiwa iwe na angalau wiki 4 na isizidi miezi 12. Ndiyo inayowashika watu, kwani wiki 4 si siku 10. Bibi yetu alikuwa anaruka tarehe 20 Mei 2025, na Arafa ilikuwa tarehe 5 Juni. Kwa uti wa mgongo mwisho wake ulikuwa tarehe 10 Mei. Kwa polio, kama ingetakiwa, ni tarehe 22 Aprili. Sisi tulimpeleka mwanzoni mwa Aprili akamalize zote kwa safari moja, na mkono ukauma siku mbili.

Kisha cheti cha daktari cha uwezo wa kuhiji. Saudia hairuhusu mwenye figo zilizofeli na yuko kwenye mashine ya kusafisha damu, mwenye moyo ulioshindwa kiasi cha kuchoka kwa hatua chache, mwenye ugonjwa wa kusahau uliokolea, mwenye kifua kikuu kinachoambukiza, anayetibiwa saratani kwa dawa kali, wala mimba yenye hatari. Sukari na presha haviko humo, mradi vimedhibitiwa. Kwa bibi, daktari alitaka kipimo cha sukari ya miezi mitatu, akamwongezea dozi, akamwona tena baada ya wiki sita. Angekwenda wiki moja kabla ya safari, kurudi huko kusingewezekana.

Sisi tuna kipimo chetu cha mtaani pia. Tulimwambia atembee na mpwa wake kutoka Msikiti wa Jamia hadi Makumbusho ya Taifa na kurudi, amevaa ndara zile zile atakazovaa Mina. Mara ya kwanza alirudi kwa bodaboda akicheka, kidole kina lengelenge. Akabadilisha ndara. Mara ya nne alifika na kurudi.

Dawa zake alibeba kwenye pakiti zake za asili, na barua ya daktari yenye majina ya dawa, nusu kwenye mkoba wa mkononi na nusu kwa mpwa wake, kwa sababu mabegi makubwa hukaa Jedda muda mrefu kabla ya kuwafuata hotelini.

Ukija kwetu kwa mara ya kwanza, njoo na pasi, kitambulisho, na kadi ya njano hata kama imechakaa au imefuliwa kwenye kanzu. Kama mnakuja familia, njooni siku moja. Pesa leteni siku ya pili.